Ile 1,000 ya kila mfuko wa saruji: kiwanda kinalipa au tunalipa sisi tunaojenga?

#1 Mjenzi_Iyumbu

Habari wanajamvi. Kuanzia Julai 2023 saruji imewekewa ushuru wa bidhaa wa shilingi 20 kwa kila kilo, yaani 1,000 kwa mfuko wa kilo 50. Kwa sheria, anayeupeleka mamlaka ya mapato ni mwenye kiwanda, au mwagizaji kama imetoka nje. Ukienda duka la vifaa vya ujenzi hapa Dodoma unaambiwa "kodi imepanda, bei imepanda", basi.

Madai yangu ni kwamba 1,000 yote inatoka kwa anayejenga, na kiwanda ni mpokeaji tu. Kuna jamaa ananiambia wanagawana. Wanagawanaje wakati pesa ninayotoa mfukoni ni yangu? Anayejua aonyeshe kwa hesabu.

#2 Mtoto_wa_Chang'ombe

Hakuna cha kugawana. Mfanyabiashara hajawahi kulipa kodi duniani hapa. Kila kodi ni ya mlaji. Uzi ufungwe.

#3 Mchumi_Makole

Mkuu #2, kama kila kodi ingekuwa ya mlaji, wenye viwanda wasingehangaika kuipinga. Wanaipinga kwa sababu inawafikia na wao. Usifunge uzi bado.

Mleta uzi kaomba hesabu, twende nayo. Namba hizi ni za mfano tu, nimezichagua zifanane kidogo na bei za mtaani ili zisomeke. Tuseme ni soko la mji mmoja kwa wiki. K ni idadi ya mifuko, B ni bei kwa shilingi.

```
Wanunuzi:  K = 52,000 - 2B
Wauzaji:   K = 3B - 28,000
```

Maana yake ni kwamba bei ikipanda kwa shilingi moja, wanunuzi wanaacha mifuko 2 na wauzaji wanaleta mifuko 3 zaidi. Kabla ya kodi mistari inakutana kwenye bei ya 16,000, mifuko 20,000.

Sasa ingiza ile 1,000. Wengi huchukua 16,000 wakaongeza 1,000, wakapata 17,000, wakaona wamemaliza. Hebu tuijaribu hiyo bei. Kwa 17,000 wanunuzi wanataka mifuko 18,000. Muuzaji akishatoa kodi anabaki na 16,000 ileile ya zamani, kwa hiyo bado analeta mifuko 20,000. Mifuko 2,000 inabaki stoo kila wiki, na saruji si kitu cha kukaa stoo, inavuta unyevu na kuganda. Lazima mtu ashushe bei.

Atashusha hadi pale ambapo bei anayotoa mnunuzi, na bei inayobaki kwa muuzaji baada ya kodi, zinaleta idadi moja ya mifuko:

```
52,000 - 2B = 3(B - 1,000) - 28,000
83,000 = 5B
B = 16,600
```

Mnunuzi anatoa 16,600, yaani 600 zaidi ya zamani. Muuzaji anabaki na 15,600, yaani 400 pungufu. Mifuko inayouzwa ni 18,800. Serikali inapata milioni 18.8 kwa wiki, ambapo milioni 11.28 zimetoka kwa wanunuzi na milioni 7.52 kwa wauzaji.

Angalia 60 kwa 40 imetoka wapi. Mzigo mkubwa umemwangukia mwenye mwitikio mdogo. Mnunuzi anaacha mifuko 2 tu kwa kila shilingi, muuzaji anarekebisha mifuko 3. Asiyeweza kukwepa ndiye anayebeba.

#4 Nala_Kwetu

Samahani wakuu, swali la pembeni. Nikidai risiti ya kielektroniki dukani, hiyo 1,000 inapungua?

#5 Mchumi_Makole

Hapana mkuu. Ushuru wa bidhaa unahesabiwa mfuko unapotoka kiwandani, kabla hujauona. Risiti dai kwa sababu nyingine, ila haigusi hii 1,000.

#6 Mwaka_wa_Pili

Mkuu #3 heshima kwako lakini umegeuza. Kanuni tuliyofundishwa: sehemu ya mnunuzi ni mteremko wa mahitaji ugawanywe kwa jumla ya miteremko yote miwili. Hapo mteremko wa mahitaji ni 2 na wa ugavi ni 3. Kwa hiyo mnunuzi anabeba 2/5, yaani 400, na muuzaji 600. Mwenye mteremko mkubwa ndiye anayeumia.

#7 Mwalimu_Kikuyu

Kijana, kanuni yako ni sahihi ila umeiweka kwenye namba zisizo zake.

Ukichora, bei inasimama wima na kiasi kinalala. Mteremko wa mchoro unajibu swali hili: mfuko mmoja ukiongezeka, bei inabadilika kwa shilingi ngapi? Milinganyo ya #3 inajibu swali la kinyume chake: shilingi moja ikiongezeka, mifuko inabadilika kwa mingapi? Kwa hiyo 2 na 3 za pale si miteremko ya mchoro. Igeuze: mahitaji ni B = 26,000 − K/2, mteremko ni nusu (ondoa alama ya kutoa). Ugavi ni B = 28,000/3 + K/3, mteremko ni theluthi. Sasa tumia kanuni yako: nusu gawanya kwa (nusu + theluthi) ni 0.6. Mnunuzi anabeba 600, vilevile.

Ukiwa na miteremko ya mchoro, sehemu ya mnunuzi inatumia mteremko wake mwenyewe juu ya mstari wa sehemu. Ukiwa na namba za mifuko kwa shilingi, sehemu ya mnunuzi inatumia namba ya muuzaji. Kuchanganya hizi mbili ndiko kunakoangusha watu kwenye mitihani.

Na usibishane bila kupima. Chukua jibu lako la 400. Mnunuzi anatoa 16,400, anataka mifuko 19,200. Muuzaji anabaki na 15,400, analeta 18,200. Mifuko 1,000 haipo. Jibu linalofaa ni lile linalotoa idadi moja pande zote mbili.

#8 Mwaka_wa_Pili

Nimeona mwalimu. Asante. Na kwa unyumbufu je, yaani bei ikipanda kwa asilimia moja mifuko inabadilika kwa asilimia ngapi? Nao unatoa 60?

#9 Mwalimu_Kikuyu

Unatoa, ukiupima pale pale mistari inapokutana kabla ya kodi. Mahitaji: 2 × 16,000 ÷ 20,000 ni 1.6. Ugavi: 3 × 16,000 ÷ 20,000 ni 2.4. Sehemu ya mnunuzi ni 2.4 gawanya kwa 4.0, asilimia 60. Kwa mistari iliyonyooka inaingia sawasawa. Kwa mistari iliyopinda ni makadirio, na kodi ikiwa kubwa ukilinganisha na bei makadirio yanazidi kuwa mabaya.

#10 Mjenzi_Iyumbu

Nimeanza kuelewa. Lakini nibane hapo kwenye sheria. Kama badala ya kiwanda sheria ingesema mimi mnunuzi ndiye nipeleke 1,000 serikalini kwa kila mfuko, si ningelipa zaidi? Maana sasa hivi angalau kiwanda kinatoa kwanza.

#11 Mchumi_Makole

Usingelipa zaidi hata shilingi. Ukijua kuna 1,000 ya kupeleka mwenyewe, dukani ungefika na bajeti iliyopungua 1,000. Mlinganyo wa wanunuzi unakuwa K = 52,000 − 2(B + 1,000), na B sasa ni bei ya kaunta. Ukiulinganisha na wa wauzaji unapata B = 15,600. Kaunta unatoa 15,600, serikalini unapeleka 1,000, jumla 16,600. Kinachobadilika ni kibandiko cha bei tu.

Ndiyo maana swali la nani anaandikwa kwenye sheria halitoshi kujibu nani anaumia. Jibu liko kwenye ile 2 na ile 3.

#12 Kaunta_Majengo

Nawaheshimu kwa hesabu, ila sisi tunaouza tuna mambo mawili ambayo hamjayataja.

Kwanza, hiyo si 1,000. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inakokotolewa juu ya bei ambayo tayari ina ushuru wa bidhaa ndani. Kwa hiyo kama kiwanda hakikupunguza bei yake hata kidogo, ankara inapanda kwa 1,180. Anayelalamika kwamba dukani wameongeza zaidi ya kodi aanze na hiyo 180.

Pili, kaunta hatuuzi kwa 16,600. Chenji inasumbua. Bei inaenda kwa mia tano mia tano, 16,500 au 17,000. Hesabu ikisema 600, mteja anaweza kuona 500 au 1,000, na ikishakaa pale haishuki haraka. Mtu anayepima mgawanyo kwa bei ya kaunta ya wiki moja anapima chenji.

#13 Kandarasi_Ihumwa

#12 kasema kweli kuhusu 1,180, lakini inategemea nani ananunua. Kampuni iliyosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani inarudishiwa ile 180 kwenye marejesho yake ya mwezi, mradi ina ankara halali ya kodi. Ile 1,000 ya ushuru wa bidhaa hairudi, inakuwa gharama. Mtu anayejenga nyumba yake Iyumbu hana pa kuidai hata 180. Mfuko mmoja, lori moja, wanunuzi wawili, kodi mbili tofauti.

Halafu kuna mikataba. Mkandarasi aliyesaini kazi kwa bei isiyobadilika kabla ya kodi kutangazwa hawezi kuacha mifuko, zege la nguzo linataka kiasi chake kilichoandikwa kwenye mchoro. Mwitikio wake ni karibu sifuri. Kwa lugha yenu ile 2 inakuwa 0, na kodi yote iko upande wa mnunuzi. Lakini mnunuzi ni nani hapo, mkandarasi au mwenye mradi? Nyaraka nyingi za zabuni za ujenzi zina kipengele kinachosema kodi zikibadilika baada ya siku 28 kabla ya tarehe ya kuwasilisha zabuni, bei ya mkataba inarekebishwa. Kikiwepo na ukakidai kwa wakati, mwenye mradi anabeba. Ukikisahau, umebeba wewe, na hakuna mteremko utakaokuokoa.

#14 Tofali_Nzuguni

Mimi naona mnamhesabu mnunuzi kama mtu anayesema nanunua au sinunui. Kwenye tofali hali si hiyo. Mfuko mmoja, tuseme, unatoa tofali 30 za inchi 6 zenye nguvu ya kuridhisha. Mfuko ukipanda 600, ni shilingi 20 kwa tofali. Mteja wa tofali anabishana hata kwa 20. Mfyatuaji anafanya nini? Anaongeza ndoo za mchanga. Mfuko uleule unatoa 36, kisha 40.

Kwenye vitabu vyenu hiyo inaonekana kama mifuko imepungua, mahitaji yameitikia. Mtaani inaonekana hivi: unashika tofali la siku saba, unakwangua pembe kwa ukucha, inamwagika. Ukilidondosha kutoka usawa wa kiuno linapasuka vipande vitatu. Na wengi hawalimwagii maji siku za mwanzo, kwa jua hili la Dodoma linakauka kabla halijakomaa.

Kwa hiyo mnunuzi anayekwepa 600 kwa kupunguza saruji hajakwepa. Amelipa kwa ukuta.

#15 Mchumi_Makole

#14 hapo umegusa kitu cha maana. Ile 2 ya wanunuzi haitoki hewani, inatoka kwenye mambo kama hayo: kuongeza mchanga, kuhamia tofali za kuchoma, kusimamisha ujenzi kwenye linta, kuahirisha sakafu. Kila njia ya kukwepa ina gharama yake ambayo haimo kwenye makusanyo ya serikali. Kwenye mfano wangu mifuko 1,200 haikununuliwa. Hasara ya hiyo, kwa pande zote mbili, ni nusu ya 1,000 × 1,200, shilingi 600,000 kwa wiki, na hakuna aliyeipata hiyo pesa. Serikali haikuipata, kiwanda hakikuipata.

#16 Mzabibu_Mpunguzi

Mimi silimi saruji ila swali langu ni hilohilo. Nina zabibu. Wanunuzi wakikatwa tozo kwa kila kilo, sisi tunaambiwa "tozo ni ya mnunuzi, mkulima haikuhusu". Lakini bei ya shambani inashuka siku hiyohiyo kwa kiasi kilekile cha tozo. Tunadanganywa au hesabu ndiyo inasema hivyo?

#17 Mwalimu_Kikuyu

Hesabu inasema hivyo, ndugu yangu, na inasema kwa ukali. Zabibu ikiiva unavuna ndani ya siku chache au inaoza mtini. Bei ikipanda huwezi kuongeza kilo, ikishuka huwezi kuzirudisha kijani. Mwitikio wako kwa shilingi ni sifuri. Chukua kanuni ya juu: sehemu ya mnunuzi ni namba ya muuzaji gawanya kwa jumla. Namba ya muuzaji ni 0, kwa hiyo sehemu ya mnunuzi ni 0. Tozo ya shilingi 100 kwa kilo inakushushia bei kwa 100 kamili, hata kama aliyeibeba hadi ofisini ni mnunuzi.

Kinachobadilisha hali ni kuwa na pa kupeleka zabibu yako. Mwenye uwezo wa kukausha, au kukamua mchuzi wa zabibu na kuutunza kwenye matangi, anaweza kusema "kwa bei hiyo siuzi leo". Mstari wake wa ugavi umelala kidogo, na sehemu ya tozo inarudi kwa mnunuzi. Wenye matangi na wasio nayo wanauza zao moja, mzigo wa tozo ni tofauti.

#18 Mtoto_wa_Chang'ombe

Kwa hiyo msemo wangu wa #2 unakufa kwenye zabibu lakini unaishi kwenye saruji. Haya. Mbona basi dukani bei ilipanda kwa 1,000 na zaidi, si 600? Mfano wenu wa 60 kwa 40 haujaonekana Dodoma.

#19 Hesabu_za_Kizota

Kwa sababu ile 3 ya wauzaji ni ya muda mfupi. Kiwanda chenye mitambo isiyotumika yote kinaweza kuongeza maelfu ya mifuko kwa gharama ileile kwa mfuko. Mstari wake wa ugavi umelala kabisa. Bei ikishuka chini ya gharama anazima tanuri, ikipanda kidogo anazalisha bila kikomo cha karibu. Weka 300 badala ya 3 kwenye kanuni: sehemu ya mnunuzi ni 300/302, zaidi ya asilimia 99. Na Dodoma ni soko moja tu kati ya mengi. Saruji inayotoka Mtwara, Tanga au Wazo haina sababu ya kukubali bei ndogo huku wakati inaweza kwenda kwingine. Kwa mji mmoja ugavi umelala hata kama kwa nchi nzima haujalala.

Kwa hiyo namuunga mkono mleta uzi: anayejenga analipa karibu yote.

#20 Mchumi_Makole

Kizota, hapo kwenye "kwingine" nakupinga. Ushuru huu ni wa nchi nzima. Saruji ikikimbia Dodoma inakuta 1,000 ileile Singida na Mwanza. Hoja yako ingefaa kama kodi ingekuwa ya mji mmoja. Kwa kodi ya taifa unatakiwa uangalie ugavi wa taifa zima.

Halafu unawachukulia kama wauzaji wengi wasio na nguvu ya bei. Viwanda vikubwa vinahesabika kwa vidole. Chukua hali ya mbali kabisa: kiwanda kimoja tu, gharama ileile kwa kila mfuko, mahitaji ni mstari ule ule wa K = 52,000 − 2B. Mwenye soko peke yake anachagua bei ya 13,000 pamoja na nusu ya gharama yake kwa mfuko. Kodi ya 1,000 inaongeza gharama kwa 1,000, bei inapanda kwa 500. Anabeba nusu mwenyewe, kwa sababu akipandisha zaidi anapoteza wateja ambao kila mmoja alikuwa na faida nono. Vikiwa viwanda vinne vinavyofanana vinavyoshindana kwa kiasi, bei inapanda kwa 800.

#21 Hesabu_za_Kizota

Hiyo 500 imetoka kwenye mstari ulionyooka, si kwenye ukiritimba. Pindisha mahitaji yawe na unyumbufu uleule kwenye kila bei, tuseme 3, na mwenye soko anauza kwa mara moja na nusu ya gharama. Gharama ikipanda 1,000, bei inapanda 1,500. Muuzaji huyohuyo, kodi hiyohiyo, mnunuzi anabeba zaidi ya kodi yote. Kwa hiyo kabla ya kusema wachache wanabeba nusu, niambie umbo la mahitaji ya saruji. Hujui, na mimi sijui.

Kwa mji mmoja nakubali nilivuka mpaka. Ila tanuri zenye nafasi ni hoja ya nchi nzima.

#22 Dereva_Mzani_Nala

Mnasahau dizeli. Julai ileile ya 2023 tozo ya mafuta iliongezwa shilingi 100 kwa lita. Saruji inatembea kilomita 450 kutoka Dar kuja huku. Bei ya dukani ilipanda kwa sababu ya safari, si ushuru.

#23 Kaunta_Majengo

Dereva, tuipime basi. Lori la tani 30 linabeba mifuko 600. Tuseme kwenda na kurudi linakunywa lita 400, nimekuwekea za kutosha. Lita 400 kwa 100 ni 40,000. Gawanya kwa mifuko 600, ni kama shilingi 67 kwa mfuko. Likipata mzigo wa kurudi ni pungufu ya hapo. Ipo, lakini haiwezi kuwa maelezo ya 1,000.

#24 Dereva_Mzani_Nala

67 kwa leo, na nauli inapopandishwa haipandishwi kwa 67, inapandishwa kwa 200. Mwenye lori naye ana chenji yake.

#25 Mwalimu_Kikuyu

Kwenye mafuta yenyewe mgawanyo wa miteremko hauonekani pampuni. Bei kikomo inatangazwa kila mwezi na EWURA, na tozo zote zimo ndani ya hesabu yake kwa ukamilifu. Tozo ikipanda 100, kikomo kinapanda 100. Na kwa kuwa sisi ni wanunuzi wadogo kwenye soko la dunia, hakuna muuzaji wa nje atakayeshusha bei kwa ajili ya tozo yetu. Hapo mlaji anabeba karibu yote, Chang'ombe anaweza kufurahi.

#26 Mjenzi_Iyumbu

Sasa nina majibu matano: 600, 1,180, 500, 1,500 na 800. Kuna njia ya kujua lipi ni la kwetu bila kubishana?

#27 Mchumi_Makole

Ipo, ina kazi. Usitumie bei ya kaunta. Tafuta ankara za jumla za duka moja, saruji ya daraja moja, tuseme 42.5 tu, kuanzia miezi sita kabla ya Julai 2023 hadi mwaka mmoja baadaye. Usichanganye 32.5 na 42.5, maana watu wakihama daraja wastani unahama bila bei kuhama. Ondoa nauli kama imeandikwa peke yake. Kisha angalia badiliko la mwezi wa kwanza, na badiliko la mwaka. Yakiwa tofauti, la mwaka ndilo linaloonyesha viwanda vilivyojirekebisha.

Kisha unahitaji bidhaa ya kulinganisha ambayo haikuwekewa ushuru huo lakini inapita njia ileile. Ningependekeza nondo. Zinauzwa duka lilelile, kwa wajenzi walewale. Kama saruji imepanda kuliko nondo kwa shilingi kadhaa, hiyo tofauti ndiyo makadirio ya kilichotufikia.

#28 Kandarasi_Ihumwa

Nondo hapana mkuu. Malighafi yake inafuata dola na bei ya chuma duniani. Dola ikipaa miezi hiyohiyo, nondo zinapanda na utaona kama kodi ya saruji haikufika kabisa. Afadhali kokoto na mchanga, vya hapahapa.

#29 Tofali_Nzuguni

Kokoto na mchanga navyo vinasogea na saruji. Watu wakifyatua tofali chache, mchanga haununuliwi na bei yake inashuka. Utalinganisha saruji na kitu ambacho kodi hiyohiyo imekishusha, na tofauti itaonekana kubwa kuliko ilivyo.

#30 Mwaka_wa_Pili

Na kama mfyatuaji ameongeza ndoo za mchanga kama ulivyosema #14, mchanga unapanda, haushuki. Sasa mwelekeo ni upi?

#31 Kaunta_Majengo

Inategemea wangapi wamesimamisha ujenzi na wangapi wameongeza ndoo. Ankara za jumla za 42.5 ninazo kuanzia Januari 2023, nauli imeandikwa mstari wake. Mchumi_Makole, nikizipiga picha bila majina ya wateja unaweza kuzipanga? Za mchanga hakuna mwenye ankara, huo unauzwa kwa tripu.